Tairi Linauzwa kwa Namba: Jinsi ya Kuandika Tangazo Ambalo Mnunuzi Atalikagua Kabla ya Kulipa

Ukiuza tairi dukani, mnunuzi analigeuza, analipiga teke, anamwita fundi wake, halafu ndipo anatoa pesa. Ukiliuza kwa simu, mambo yanageuka: pesa inatangulia, tairi linafuata. Kwa mtu wa Ndera anayenunua kutoka Malindi, tairi linasafiri zaidi ya kilomita 100, linashushwa Minjila, halafu linapandishwa bodaboda hadi nyumbani. Likifika na kuonekana silo, ndipo maswali yanaanza. Nani analipa nauli ya kulirudisha? Pesa inarudi vipi?

Habari njema ni kwamba tairi ni bidhaa inayojieleza yenyewe. Kila kitu ambacho mnunuzi anahitaji kujua kimepigwa chapa ubavuni mwake. Kazi ya muuzaji ni kuzihamisha namba hizo zote, bila kupunguza hata moja, kutoka ubavuni hadi kwenye tangazo. Somo hili linaonyesha namna ya kuzisoma, namna ya kuziandika, na mnunuzi azilinganishe na nini kabla ya kuweka PIN.

Tangazo linaloonekana sawa, kumbe sivyo

Tuchukue mfano. Kuna mwenye matatu ya HiAce, ile ya abiria 14, inayofanya kazi kati ya Garsen na Malindi. Matairi yake yanakaribia kipara. Kwenye kundi la WhatsApp anakuta tangazo hili:

```
Matairi 4 ya mtumba, 195 rimu 15.
Hali safi. 14,000 yote manne.
```

Anaenda kuangalia matairi ya gari lake. Anaona 195, anaona 15. Yamekubali! Anatuma 14,000, analipia na nauli ya mzigo. Kesho yake matairi yanashuka Minjila, na ubavuni yameandikwa hivi:

```
195/65R15 91H
```

Ya gari lake yameandikwa hivi:

```
195/80R15 107/105
```

Muuzaji hakusema uongo. Matairi ni ya 195, na rimu ni 15 kweli. Tatizo ni kwamba aliacha namba mbili katikati na namba za mwisho, na hizo alizoacha ndizo zinazotenganisha tairi la gari dogo la nyumbani na tairi la gari la kubeba watu na mizigo.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijitangazi. Tairi lingekuwa la rimu 14, fundi angelikataa palepale, maana haliingii. Lakini haya yanaingia vizuri kabisa kwenye rimu ya 15. Fundi asiye makini atayafunga, atayajaza upepo, na gari litaondoka. Hatari itaonekana baadaye, gari likiwa limejaa na jua ni kali.

Kila namba inasema nini

Tuisome namba ya HiAce kidogo kidogo.

195 ya mwanzo ni upana wa tairi kwa milimita, yaani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, tairi likiwa limejazwa upepo.

80 ni kimo cha ubavu, lakini si kwa milimita. Ni asilimia ya ule upana. Asilimia 80 ya 195 ni milimita 156. Kwa hiyo kutoka ukingo wa rimu hadi pale tairi linapogusa barabara kuna karibu sentimita 16 za mpira. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: 65 na 80 zinaonekana kama namba ndogondogo za pembeni, kumbe ndizo zinazoamua kimo cha gurudumu zima.

R inaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Karibu matairi yote ya magari ya siku hizi yana R. Haisimamii neno rimu, ingawa watu wengi huisoma hivyo kwa sababu inatangulia namba ya rimu.

15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba hii haina mjadala. Tairi la 15 linakaa kwenye rimu ya 15 peke yake. Usikubali kuambiwa kwamba la 14 litavutwa kidogo au la 16 litabanwa. Tairi lililolazimishwa rimuni linaweza kupasuka likijazwa upepo na kumuumiza vibaya fundi.

107/105 ni namba za uzito. Si kilo moja kwa moja, ni namba za jedwali linalotumika dunia nzima. 107 ina maana tairi moja linabeba hadi kilo 975. 105 ni kilo 925, na inatumika pale magurudumu mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja, kama kwenye lori. HiAce ina gurudumu moja kila upande, kwa hiyo inayokuhusu ni ile ya kwanza.

Baada ya namba za uzito huwa kuna herufi ya spidi. L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, S ni 180, H ni 210. Usivutwe na herufi ya spidi kubwa. Tairi la H halina nguvu zaidi ya la L kwa kubeba mzigo. Linavumilia mwendo mkubwa zaidi tu, na kwa barabara zetu hizi mwendo huo utaupata wapi?

Kuna matairi mengine ya magari ya mizigo yanayoandikwa 195R15C, bila namba ya katikati. Usidhani imefutika. Namba ya katikati isipokuwepo, kimo cha ubavu huwa takriban asilimia 80 hadi 82, kwa hiyo tairi hilo linakaribiana sana na 195/80R15. Herufi C inaonyesha ni tairi la gari la mizigo. Mengine huandikwa LT kwa maana hiyohiyo. Ukiona alama hizo, ziandike kwenye tangazo. Ukiona hazipo, usiziongeze.

Tofauti kwa kipimo na kwa kilo

Turudi kwenye matairi yaliyoshuka Minjila tuone yamekosea kwa kiasi gani.

Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Kwa 195/80R15, juu ya rimu kuna ubavu wa milimita 156 na chini kuna mwingine kama huo. Jumla, gurudumu lina kimo cha milimita 693. Kwa 195/65R15, ubavu ni asilimia 65 ya 195, yaani karibu milimita 127. Gurudumu zima linakuwa kama milimita 634. Tofauti ni karibu sentimita 6.

Nusu ya hiyo ndiyo inayopungua chini ya gari, maana gari linakaa kwenye kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo HiAce itashuka sentimita 3. Kwenye lami hutaona kitu. Kwenye barabara ya udongo mweusi iliyochimbwa na maji baada ya mvua, sentimita 3 ndizo zinazoamua kama tumbo la gari litapita au litakwangua.

Spidi nayo itadanganya. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ileile. Mshale ukionyesha 80, gari litakuwa likienda karibu 73. Na kilomita zitahesabika nyingi kuliko zilizotembewa, hadi hesabu yako ya kubadilisha oili ivurugike.

Lakini kubwa zaidi ni uzito. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi. Manne yanabeba kilo 2,460. Sasa hesabu matatu: gari tupu tuseme ni takriban kilo 1,800. Watu 14 wa kilo 65 ni kilo 910. Hapo tumefika 2,710, na bado hatujapakia gunia la maembe wala mzigo wa darini. Matairi yameshazidiwa kabla safari haijaanza, na kwa kawaida ya nyuma ndiyo yanayolemewa zaidi. Kwa namba 107, manne yanabeba kilo 3,900, na hapo kuna nafasi ya kupumua.

Tairi lililozidiwa linapinda ubavu kwa kila mzunguko, linapata joto, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, na mwisho linapasuka. Dalili za mapema ni ubavu unaovimba chini hata baada ya kujaza upepo sawasawa, na joto lisilo la kawaida ukiligusa baada ya safari fupi. Ukiziona, usiongeze upepo ukadhani umetibu. Tairi hilo si la gari hilo.

"La Probox" si saizi

Wauzaji wengi huandika jina la gari badala ya namba: tairi la Probox, tairi la Noah, tairi la HiAce. Inaeleweka haraka, lakini jina la gari si kipimo. Kuna Probox za rimu ya 13 na kuna za rimu ya 14. Kuna gari lililotoka kiwandani na rimu moja, halafu mwenyewe akabadilisha akaweka za fundi wa mjini. Ukimwambia mnunuzi kwamba tairi linafaa Probox, umemwahidi jambo ambalo huwezi kulijua, maana hujaiona Probox yake.

Kwa hiyo gawaneni kazi. Muuzaji anasema tairi ni nini, mnunuzi anasema gari lake linataka nini. Kama tairi ulilitoa kwenye gari unalolijua, andika hivyo: "Limetoka kwenye HiAce, rimu 15." Hiyo ni habari ya kweli. Kuandika "linafaa HiAce zote" ni ahadi ambayo inaweza kukurudia.

Na mnunuzi atajuaje gari lake linataka nini? Kwanza, fungua mlango wa dereva. Kwenye fremu, au kwenye ubavu wa mlango wenyewe, magari mengi yana stika yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo cha mbele na nyuma. Stika ya gari lililotoka Japani inaweza kuwa na maandishi ya Kijapani, lakini namba za tairi zimeandikwa kama kawaida. Pili, kama stika imebanduka, soma kitabu cha gari. Tatu ndipo usome tairi lililopo. Tunaiweka mwisho makusudi, kwa sababu aliyekuwa na gari kabla yako huenda naye alifunga tairi lisilo lake. Soma yote manne na spea. Yakitofautiana, usilipie lolote kabla fundi unayemwamini hajakuthibitishia.

Ukipata saizi ya gari, sheria ya kulinganisha ni rahisi. Upana, kimo cha ubavu na rimu viwe sawasawa na vya stika. Namba ya uzito iwe sawa au kubwa zaidi, kamwe isiwe ndogo.

Tangazo lililokamilika

Sasa tuandike tangazo lile upya, tukidhani muuzaji ana matairi sahihi ya HiAce:

```
MATAIRI 4 YA MTUMBA
Saizi: 195/80R15 107/105L LT
DOT: 2321 yote manne
Meno: mm 6 (mawili), mm 5 (mawili)
Viraka: kimoja, katikati ya meno
Yametoka kwenye HiAce, rimu 15
Bei: 18,000 yote. Yako Malindi.
```

Ni mistari saba ya habari, inaingia hata kwenye SMS. Saizi imeandikwa nzima, na mkwaju upo mahali pake. Usiandike 1958015 kwa kuunganisha, maana mtu akikosea kuitenganisha mtarudi kulekule.

DOT ni tarehe ya kutengenezwa. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata mpaka mwisho wa mstari wake, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kwenye matairi mengi tarakimu hizo zipo ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, geuza tairi uangalie upande wa pili. Kwa tairi la mtumba hii ni habari nzito. Mpira unazeeka hata tairi likiwa stoo, na tairi lenye meno mazuri linaweza kuwa limekauka na kuanza kupasuka vijistari vidogo kwenye ubavu.

Meno yanapimwa bila kifaa cha duka. Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji wa katikati, weka alama kwa ukucha, kisha ipime kwa rula. Tairi jipya la gari dogo huwa na takriban milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vigingi vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vigingi hivyo, tairi limekwisha. Pima sehemu tatu, ndani, katikati na nje, na uandike kipimo kidogo kabisa ulichopata.

Viraka usivifiche. Huku kwetu, ambako miiba ya mathenge imejaa kando ya njia, tairi lisilo na kiraka hata kimoja ni bahati. Kiraka kilichowekwa vizuri katikati ya meno si aibu. Kiraka cha ubavuni ni jambo jingine. Ubavu unapinda kila mzunguko, kwa hiyo hauzibiki ukaaminika. Tairi lenye jeraha la ubavuni, au lenye nundu iliyochomoza, lisiuzwe kwa kutembelea barabarani hata bei ikishuka vipi. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimeshakatika.

Picha nne zinazojibu maswali

Picha ya matairi yamepangwa ukutani inapendeza lakini haimsaidii mnunuzi kukagua. Piga hizi nne kwa kila tairi: saizi nzima ubavuni, DOT pamoja na tarakimu zake nne, meno kwa karibu njiti ikiwa ndani, na tairi zima kwa ndani ili viraka vionekane.

Maandishi ya tairi ni meusi juu ya meusi, kwa hiyo kamera huyapoteza. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, halafu sugua chaki juu ya herufi. Chaki inabaki kwenye sehemu zilizoinuka na namba zinasomeka vizuri. Piga asubuhi au jioni jua likiwa upande, si saa sita mchana.

Kabla ya kuweka PIN

Mnunuzi, ukishaliona tangazo, usiulize "hali iko aje?" Jibu litakuwa "safi" siku zote. Uliza kitu kinachojibiwa kwa namba au kwa picha. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Salama kaka. Hayo matairi bado yapo?"

"Salama sana. Yapo, karibu."

"Stika yangu inasema 195/80R15 107/105. Nipigie picha ubavu wa kila moja, na DOT. Weka karatasi pembeni yenye tarehe ya leo."

"Sawa, nipe nusu saa."

Karatasi ya tarehe ina kazi yake. Inaonyesha kwamba matairi yapo mkononi mwa muuzaji leo, si picha aliyoichukua kwa mtu mwingine. Na unaomba picha ya kila tairi kwa sababu seti ya manne inaweza kuwa na matatu ya saizi moja na moja la nyingine. Matairi mawili ya mstari mmoja, mbele kwa mbele au nyuma kwa nyuma, lazima yawe ya saizi moja.

Picha zikija, weka picha ya stika yako karibu na picha ya tairi, usome herufi kwa herufi. Kisha mwandikie muuzaji ujumbe mmoja wenye makubaliano yote: saizi, idadi, DOT, bei, na nani analipa nauli ya kurudisha kama yakifika tofauti. Subiri ajibu "sawa" kwa maandishi. Usifute mazungumzo hayo.

Kama una ndugu au fundi Malindi, mwombe apite akayaone, halafu ulipe yeye akiwa amesimama pale. Kama huna, elewaneni ulipe arbuni kidogo na inayobaki ulipe matairi yakifika na kusomwa. Muuzaji naye ana haki ya kukataa kutuma mzigo mzima bila pesa yoyote, kwa hiyo arbuni inayolingana na nauli ya kwenda na kurudi huwa ni mwafaka mzuri kwa pande zote mbili.

Unapolipa, jina la mpokeaji linaonekana kwenye simu kabla hujathibitisha. Lisome. Kama si jina ulilopewa, simamisha hapohapo uulize.

Na kama ni bodaboda?

Tairi la pikipiki mara nyingi huandikwa kwa inchi tupu, kwa mfano 2.75-17 au 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni rimu. Kanuni ni ileile: usiandike "tairi la Boxer", andika namba zote mbili. Kuna pikipiki za rimu ya 17 na za rimu ya 18, na ukisimama mbali huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tairi la nyuma mara nyingi ni pana kuliko la mbele, kwa hiyo sema pia ni la wapi. Na kama ubavuni kuna mshale wa mzunguko, mwambie mnunuzi aufuate wakati wa kufunga. Tuktuk nyingi zinatumia 4.00-8, lakini hata hapo soma kwanza, ndipo uandike.

Likifika tofauti

Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa iliyokwenda namba isiyo yake. Kwenye M-PESA, kwa mfano, unapeleka ujumbe wa muamala huo kwa 456. Lakini ukimlipa mtu uliyekusudia kumlipa, kwa bei mliyokubaliana, muamala wenyewe hauna kosa. Ugomvi unaobaki ni wa tairi, na tairi halisomeki kwenye rekodi ya malipo. Ndiyo sababu ukaguzi unafanyika kabla ya PIN.

Hiyo haimaanishi huna haki. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sasa linganisha yale matangazo mawili. Aliyeandika "195 rimu 15" alileta 195 rimu 15, na mnunuzi atahangaika kuonyesha nini kilivunjwa. Aliyeandika saizi nzima akaleta nyingine, maandishi yake mwenyewe yanamshuhudia. Na upande wa pili, muuzaji aliyeandika kila kitu sawasawa hawezi kusumbuliwa na mnunuzi aliyebadilisha mawazo au aliyesoma stika yake vibaya.

Mzigo ukifika Minjila, soma ubavu kabla ya kuupandisha boda. Ukiona tofauti, piga picha palepale ukiwa na risiti ya mzigo, mtumie muuzaji, na usimpe fundi afunge hata moja. Tairi ambalo halijafungwa linarudi jinsi lilivyokuja. Likishafungwa na kutembea, muuzaji anaweza kusema umelitumia, na hapo mazungumzo ya kurudishiwa pesa yanakuwa marefu zaidi.

Mnunuzi, unaweza kunakili ujumbe huu na kumtumia muuzaji yeyote wa tairi kabla ya kulipa. Jaza ya gari lako kwenye mstari wa kwanza:

```
Stika ya gari langu: ___/___R___ ___
Naomba picha ya leo ya kila tairi:
1. Saizi nzima  2. DOT
3. Meno na njiti  4. Ndani
Yakifika tofauti, nani analipa nauli?
```